Kiatu cha Mguu Usiohisi

(Hotuba iliyotolewa mjini Malindi mbele ya watumiaji wa viti vya magurudumu, jamaa zao na mafundi wa viatu)

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mlioketi kwenye viti na mlioketi mikekani, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya viatu, nami ni fundi viatu, kwa hiyo sitatoka nje ya kazi yangu isipokuwa pale ambapo wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo ninaofanya nao kazi wamenifundisha nikaelewa. Wala sitawazungumzia watumiaji wote wa viti. Aliyepooza kwa polio, kwa mfano, aghalabu mguu wake ni mwembamba na ni wa baridi, lakini unahisi. Kiatu kikimbana ataumia, atalalamika, na malalamiko yake yatamwokoa. Ninayemkusudia leo ni yule ambaye mguu wake haumpi habari: aliyeanguka mnazini akaumia uti wa mgongo, aliyepata ajali ya barabarani, aliyezaliwa na mgongo wazi. Aliyeugua kisukari kwa miaka mingi hadi nyayo zikafa ganzi naye asikilize, kwa kuwa mengi yatamhusu.

Mguu wa mtu anayetembea hupumzika bila ya mwenyewe kujua. Kila hatua misuli ya shavu la mguu hujikaza na kuisukuma damu irudi juu, na kila anapokaa vibaya maumivu kidogo tu humfanya asogeze unyayo. Mguu uliopooza hauna hayo mawili. Unawekwa kwenye kibao cha kiti asubuhi, na jioni unakutwa pale pale, vile vile. Maji ya mwili hushuka na kukaa huko chini, mguu ukavimba kidogo kidogo, na kiatu kilichoingia vizuri alfajiri kikawa kinabana baada ya alasiri. Pale ambapo ngozi imelala juu ya mfupa, kama vile kisiginoni, kwenye vifundo, kwenye ncha za vidole na kwenye ukingo wa nje wa unyayo, ngozi hiyo hujikuta imebanwa kati ya mfupa na kiatu, damu isipite. Saa chache za namna hiyo zinatosha kuiua nyama kwa ndani kabla ya juu kuonekana jambo.

Nitawaeleza habari ya mtu mmoja, kwa idhini yake na bila ya kumtaja jina, kwa sababu katika mguu wake mmoja yalikutana karibu yote ninayotaka kuyasema.

Huyu ni fundi wa majahazi kutoka Matondoni, kisiwani Lamu, aliyepooza kuanzia kiunoni baada ya kuanguka. Nyumbani alizoea kukaa na champali nyepesi au miguu mitupu. Ilipofika harusi ya binti wa nduguye alinunua viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba, namba 42, namba ile ile aliyokuwa akiivaa alipokuwa akitembea. Akavivaa asubuhi, akasafiri kwa mashua hadi mjini Lamu, akakaa navyo mpaka baada ya isha. Usiku mkewe alipomvua soksi aliona kwenye ukingo wa nje wa mguu wa kulia, katikati ya kidole kidogo na kisigino, pale panapochomoza kifupa ambacho kila mmoja wenu anaweza kukipapasa, alama ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nyeusi kuliko ngozi iliyoizunguka. Wakadhani ni rangi ya kiatu. Kesho yake akavaa tena, kwa kuwa harusi zetu haziishi kwa siku moja, na siku ya tatu ngozi ikafunguka.

Aliponijia, muuguzi alikuwa tayari anakisafisha na kukifunga kidonda, na alikuwa amemkataza kuvaa kiatu chochote mguu ule mpaka ngozi ijifunge. Kazi yangu ilikuwa kutafuta sababu ili kisirudi. Nikamwomba aje na viatu, aje na kiti, na akae kama anavyokaa kila siku.

Nilianza na viatu. Kiatu cha mtu anayekaa hakiliwi soli, na kwa hiyo kila mkwaruzo mlioona juu yake umeletwa na kiti, na husomeka vizuri sana. Kiatu chake cha kulia kilikuwa na sehemu iliyopoteza rangi na kung'aa ubavuni, usawa ule ule wa kidonda. Nilipokirudisha mguuni na kukiweka kwenye kibao, sehemu hiyo ilikuwa imegusana na bomba la chuma linaloshikilia kibao. Kila gurudumu lilipopita juu ya jiwe, ngozi ya kiatu ilisuguliwa na bomba kwa nje, na ukingo wa unyayo ukasuguliwa na ngozi ya kiatu kwa ndani.

Halafu nikauchora mguu wa pili, usiokuwa na kidonda, kwenye karatasi, nikaikata karatasi ile kwa kufuata mstari na kuitia ndani ya kiatu cha upande wake. Ilikunjika pande zote mbili. Urefu ulitosha, upana haukutosha. Mguu wake ulikuwa umepanuka tangu aumie, kwa uvimbe wa kila jioni, na namba 42 ya zamani ilikuwa haimhusu tena.

Jambo la tatu ndilo ambalo watu wengi hulipita. Soli ya champali zake ilikuwa na unene wa sentimita 1 hivi, na kiatu cha harusi kisiginoni kilikuwa na karibu sentimita 3. Kibao cha kiti kilikuwa kimepimwa kwa champali. Alipovaa viatu, magoti yake yalipanda kwa sentimita 2, mapaja yakainuka kutoka kwenye mto, na uzito uliokuwa ukibebwa na mapaja ukagawanyika: sehemu ukarudi kwenye mifupa ya makalio, sehemu ukashuka kwenye nyayo. Na kwa kuwa mguu uliopooza una tabia ya kupinduka na kulalia ukingo wake wa nje, uzito ulioshuka haukukaa kwenye unyayo mzima bali kwenye kifupa kile kimoja.

Basi kulikuwa na ufinyu, msuguano na urefu wa kibao. Kimoja peke yake pengine mguu ungekivumilia kwa siku moja. Vyote vitatu kwa pamoja, siku tatu mfululizo, havikuvumilika.

Kwanza tulirekebisha kiti. Kibao hushikiliwa na nati kwenye bomba lake. Ukiilegeza, bomba huteleza juu na chini. Kipimo ni hiki: mtu akiwa ameketi juu ya mto wake wa kila siku, amevaa viatu vyake vya kila siku, paja liguse mto kwa urefu wake wote, na kiganja cha mkono kilicholala kiweze kupenya chini ya paja karibu na goti kwa kubanwa kidogo tu. Kiganja kikiingia kwa uhuru na kubaki na nafasi, kibao kiko juu mno. Kisipoingia kabisa, au miguu ikiwa inaning'inia na kuteleza, kibao kiko chini mno. Baada ya hapo tazama chini: kati ya kibao na ardhi ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi kidogo, maana vizingiti vyetu na mawe ya vichochoro vya Lamu havina huruma.

Hapo ndipo penye mgongano. Ukishusha kibao ili kiatu kinene kitoshee, kibao kinaanza kugonga vizingiti. Rai yangu ni kwamba anayekaa kwenye kiti asinunue kiatu cha soli nene hata kidogo, kwa kuwa soli nene ilitengenezwa kumlinda anayekanyaga changarawe. Na kama ana jozi mbili, ya kazini na ya msikitini au ya sherehe, basi soli zake ziwe na unene mmoja. Fundi anaweza kuzisawazisha kwa kuongeza bapa la mpira kwenye jozi nyembamba. Ni kazi ndogo, na inamwepusha mtu na kutafuta spana kila Ijumaa.

Bomba tulilizungushia tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa, tukaivuta ibane bila ya kufanya vifundo wala mikunjo, na mwisho wake tukaufungia upande wa nje usiogusa mguu. Juu ya kibao chenyewe tuliweka kipande cha mpira laini kilichogundishwa chote, pembe zake zikiwa zimekatwa mviringo. Sponji iliyowekwa tu juu ya kibao bila ya kugundishwa ni mtego, maana huhama, hujikunja, na mkunjo wenyewe ukawa ndio unaoumiza. Mpira huo una faida nyingine huku kwetu, kwa sababu kibao cha chuma kilichoachwa juani mchana wa kaskazi huweza kumchoma mtu aliyeweka mguu mtupu juu yake, naye asijue mpaka aone lengelenge.

Miguu yake ilikuwa pia ikirudi nyuma na kudondoka kibaoni kila mikazo ya misuli ilipomshika. Wengi hutia mkanda nyuma ya visigino na kuukaza. Mimi napendelea mkanda mpana unaopita nyuma ya shavu la mguu, juu zaidi, kwa kuwa pale kuna nyama, ilhali nyuma ya kisigino kuna kano nene na ngozi tu. Kama lazima uwe kisiginoni, basi kisigino kiwe ndani ya kiatu kilichofunga nyuma, na si ndani ya ndara.

Sasa kiatu chenyewe. Tulipima tena baada ya ngozi kupona na muuguzi kuridhika. Kupima kunafanywa jioni, baada ya mtu kukaa kwenye kiti tangu asubuhi, akiwa na soksi ile ile atakayovaa, na miguu yote miwili, kwa sababu ni nadra kulingana. Kalamu isimame wima. Ukiilaza chini ya unyayo utapata mguu mwembamba usiokuwapo. Kwa urefu ongeza sentimita 1 hadi 1 na nusu mbele ya kidole kirefu. Kwa upana karatasi ilale ndani ya kiatu bila ya kukunjika. Hesabu yake ikatupeleka kwenye namba 44 pana, na alishtuka, kwa maana alijiona hajaongezeka mwili. Nikamwambia aache kuamini namba na aiamini karatasi.

Ndani ya kiatu tia mkono mzima, si vidole viwili. Unatafuta mshono uliochomoza, ncha ya msumari, riveti ya tundu la kamba, bitana iliyoachia, na ile ngozi ngumu ya nyuma inayoshika kisigino, ambayo ukingo wake wa juu mara nyingi ni mkali. Bitana iwe moja, laini, na ikibidi mishono iangalie nje. Wanunuzi wa mitumba nawaomba wawe waangalifu zaidi, na sisemi hivi kwa kuidharau mitumba, maana huko ndiko kunakopatikana viatu vyepesi na vipana kwa bei ya kuwezekana. Tatizo ni kwamba kiatu kilichovaliwa kimekwisha chukua umbo la mguu wa mwenzake: soli ya ndani ina mabonde na vilima vya mtu mwingine, na vilima hivyo vitabonyeza mahali ambapo mguu wako hauna pa kukimbilia. Itoe soli ya ndani yote na kutia mpya iliyo tambarare. Ikiwa hata chini yake pameinama, kirudishe kiatu sokoni.

Kwa nje, soli isiwe ya kuteleza kama ya viatu vya ngozi vya sherehe, kwa sababu mguu utateleza kibaoni. Lakini pia isiwe na meno makubwa kama ya buti za kupanda milima. Sababu yake ni hii. Mtu anapohama kutoka kitini kwenda kitandani, mwili huzunguka, na mguu unatakiwa uzunguke nao. Soli yenye meno hung'ang'ania sakafu, mwili ukazunguka peke yake, na mifupa ya mguu uliopooza kwa miaka mingi huwa imepungua uimara. Inaweza kuvunjika karibu na kifundo bila ya mwenyewe kusikia uchungu wowote. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzake, ukawa na joto, msiuone kuwa ni uvimbe wa jioni. Huenda ni mfupa, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na vyote viwili ni vya hospitali siku hiyo hiyo, bila ya kukanda.

Mbele ya kiatu pawe pamefungwa. Najua makubadhi yana heshima yake, na sitamkataza mtu kuvaa makubadhi kwenye picha ya harusi. Lakini gidamu inayopita kati ya vidole hukata ngozi laini mahali ambapo hata mwenye macho mazuri haoni kwa urahisi, na vidole vyenyewe ndivyo vinavyotangulia mbele ya kiti. Katika vichochoro vya Mkomani, mjini Lamu, vyenye kuta za mawe ya matumbawe na punda wanaopishana na watu, kidole kilicho wazi hukutana na ukuta kabla ya gurudumu.

Nafika kwenye namna ya kuvaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kiatu kizuri kilichovaliwa vibaya ni kiatu kibaya. Hatari kubwa ya mguu usiohisi ni vidole kujikunja chini wakati unapoingia. Mwenye kuhisi hujikwamua mara moja. Asiyehisi hukaa siku nzima akiwa ameikanyaga kucha yake mwenyewe. Kiatu cha kawaida chenye ulimi mfupi hakikuonyeshi vidole. Kinakuonyesha nyuma ya unyayo tu. Kwa hiyo kiatu kinachofaa ni kile kinachofunguka mpaka karibu na vidole, ambacho mguu unawekwa ndani yake kutoka juu badala ya kusukumwa kutoka nyuma.

Kiatu cha namna hiyo mnaweza kukinunua au mnaweza kukitengenezesha. Viatu vya michezo vya turubai, ambavyo matundu yake ya kamba huanzia karibu kabisa na vidole, vinakaribia kufaa jinsi vilivyo. Vingine fundi hupasua mshono wa mbele, huteremsha mwanya hadi mwanzo wa vidole, na kushona ulimi mpana unaofunika mwanya wote. Kufunga kuna njia tatu, na kila moja ina kasoro yake pwani. Velkro ni rahisi kuliko zote, hata kwa mtu ambaye vidole vya mikono havina nguvu, maana ukishona kitanzi kwenye ncha ya mkanda anautia kidole gumba na kuvuta. Lakini mchanga na nyuzi huijaza na ikaacha kunasa. Isafisheni kwa kitana cha meno membamba. Zipu hufungua kiatu kikamilifu, na pete kubwa ya funguo ikitiwa kwenye kishikio chake inavutika hata kwa ngumi. Hata hivyo zipu ya chuma huliwa na chumvi ya bahari, basi chagueni ya plastiki, ipakeni mshumaa mara kwa mara, na lazima kuwe na kipande cha ngozi nyuma ya meno yake yasigusane na mguu. Kamba za mpira ni za tatu: hufungwa mara moja na hazifunguliwi tena. Ninazitumia kwa tahadhari, kwa kuwa mguu ukivimba mpira hauachii, huendelea kubana. Zifungwe kwa kipimo cha jioni na si cha asubuhi.

Utaratibu tuliomfundisha fundi wetu wa majahazi na mkewe ulikuwa kama ifuatavyo. Kwanza kiatu kinageuzwa na kukung'utwa, kisha mkono unapitishwa ndani, hata kama kilivuliwa jana tu, maana kokoto, kifungo au kichezeo cha mtoto huingia bila ya hodi. Soksi ivaliwe ndani nje, ili mshono wa vidole ubaki upande wa kiatu, nayo ivutwe hadi isiwe na mkunjo. Kisha goti likunjwe na kifundo kikunjwe kuelekea muundi. Mkazo wa misuli ukija, subiri upite, kwa sababu ukishindana nao vidole ndivyo vitakavyojikunja. Mguu ukiwa ndani, kabla ya kufunga, ingiza vidole vyako vya mkono kupitia mwanya na uhesabu vidole vya mguu kimoja kimoja, kila kimoja kiwe kimenyooka. Mwishoni bonyeza goti kuelekea chini ili kisigino kikae. Kwa wale ambao visigino vyao hupanda bila ya kujulikana, huwa natoboa tundu dogo la mviringo nyuma ya kiatu na kulizungushia ngozi laini; ukiona soksi imejaa tunduni, kisigino kiko mahali pake. Mwiko wa chuma wa kuvalia viatu siutaki karibu na mguu usiohisi.

Siku ya kwanza kiatu kipya kivaliwe nusu saa tu, nyumbani, kisha kivuliwe na mguu utazamwe wote, chini kwa kutumia kioo. Alama ikiwapo, ipeni nusu saa. Ikiondoka, kesho kivaliwe saa moja, keshokutwa saa mbili, na hivyo hivyo mpaka siku nzima. Isipoondoka, kiatu hakifai mahali hapo, na kipelekwe kwa fundi kabla ya kuvaliwa tena. Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani. Tazameni sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, na mpapase kwa mgongo wa mkono: je, pana joto au baridi kuliko mguu wa pili, pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Lolote kati ya hayo ni dalili, hata kama ngozi haijafunguka, na mguu ule usiguswe na kiatu mpaka dalili iondoke.

Kuna kundi moja ambalo kwalo kiatu kinachobana huleta hatari iliyo mbali na mguu. Aliyeumia uti wa mgongo katikati ya kifua au juu zaidi, pingili ya sita ya kifua kwenda juu, anaweza kupatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho usoni na shingoni, na shinikizo la damu kupanda kwa kasi, kwa sababu tu ya kidole kilichojikunja au ukucha ulioota ndani. Mketisheni wima, mvueni viatu na mlegeze kila kinachobana, tazameni mrija wa mkojo usiwe umejikunja, na kama hali haitulii kwa dakika chache, apelekwe hospitali mara moja.

Baridi nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa mtu wa Malindi akisikia baridi hucheka. Lakini mguu uliopooza hupata damu kidogo, na upepo wa kusi mwezi wa Julai, pamoja na maji yaliyorushwa na mashua kati ya Mokowe na Lamu, unatosha kuupoza kama samaki wa barafu. Na anayesafiri kwa basi la usiku kwenda Nairobi huukuta ubaridi wenyewe. Ngozi baridi hudhurika upesi zaidi inapobanwa. Dawa yake ni soksi moja ya sufu au ya pamba nzito, isiyo na mpira mkali juu, na kiatu chenye nafasi ya kuipokea. Soksi mbili ndani ya kiatu cha soksi moja hupunguza joto badala ya kuliongeza, kwa sababu zinabana damu. Soksi iliyolowa ivuliwe hapo hapo. Chukueni jozi kavu kwenye mfuko wa kiti. Na msijaribu kuipasha miguu moto kwa chupa ya maji ya moto, kwa jiko la makaa, wala kwa beseni ambalo mkono au kiwiko hakikulijaribu kwanza.

Limebaki suala la udhu, ambalo nimeulizwa na wengi. Anayeosha miguu yake kwa ajili ya sala ana bahati ya kuiona mara kadhaa kwa siku, mradi akaushe kati ya vidole kabla ya kurudisha soksi, maana unyevu uliofungiwa hulainisha ngozi na kuipasua. Wapo wanaofuata ruhusa ya kufuta juu ya khufu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi ni mchana na usiku mmoja kwa mkazi, na siku tatu pamoja na nyusiku zake kwa msafiri. Hukumu zake waulizeni masheikh. Langu ni la ngozi tu: mguu usiohisi usikae siku tatu bila ya kutazamwa, na hata mchana na usiku mmoja uwe na kuvua kabla ya kulala, kwenye mwanga, kwa kioo.

Karatasi, kalamu na mikasi viko kwenye meza iliyo karibu na mlango, na tutaanza kupima saa kumi na moja jioni, miguu ikiwa imekwisha kuvimba. Kila mmoja apimwe akiwa juu ya kiti chake mwenyewe na mto wake mwenyewe. Mliokuja na viatu vilivyowaumiza, msivisugue wala kuvipaka rangi kabla sijaviona. Mwenye kidonda kilicho wazi atamwona muuguzi kwanza, kwenye chumba cha kushoto. Mimi sitampima leo.